Bei ya Dukani na Bei ya Miaka Kumi

Katika maduka ya mashine ya Gerezani, Dar es Salaam, injini ya dizeli ya silinda moja yenye nguvu farasi 20 husimama sakafuni karibu na mota ya umeme yenye nguvu ileile. Zote mbili zinaweza kuzungusha kinu kilekile cha kusaga mahindi kwa mkanda uleule. Mnunuzi anauliza bei, anatajiwa, anaomba apunguziwe, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwenye duka hana sababu ya kutaja dizeli itakayonunuliwa kwa miaka kumi, ringi zitakazokwisha, au siku ambazo umeme utakatika foleni ya wateja ikiwa imefika barabarani. Hayo ni ya mnunuzi peke yake.

Sura hii inafanya hesabu ambayo haifanyiki pale dukani. Wahandisi huiita gharama za maisha yote ya mashine, na mambo yake ni manne: kununua, kuendesha, kutunza na kuondoa. Jeshi la Marekani ndilo lililoipa hesabu hii umaarufu katika miaka ya 1960, baada ya kuona kwamba zana iliyoshinda zabuni kwa bei ndogo mara nyingi ndiyo iliyokula fedha nyingi zaidi ikiwa kazini. Kanuni yake si ngumu. Ugumu uko katika kuchagua namba za kuingiza, na katika kujua ni ipi kati yake yenye uwezo wa kugeuza jibu.

Tuchukue kikundi cha akina mama wa VICOBA katika kijiji cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Kikundi ni cha kubuni na bei nitakazotumia ni za mfano, ila nimezichagua zifanane na hali ilivyo, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake. Wana banda na wana kinu. Wanachotafuta ni kitu cha kukizungusha. Njia ya kwanza ni injini ya dizeli. Ya pili ni mota ya kilowati 15, inayohitaji umeme wa njia tatu, na nguzo ya karibu yenye umeme huo haiko karibu sana.

Kabla ya kugusa namba yoyote, tuondoe yale yasiyohusika. Kinu ni kimoja, nyundo zake zinalika kwa kasi ileile, na chekeche litatoboka vilevile, uzungushe kwa dizeli au kwa umeme. Banda ni lile lile, na kijana wa kusaga atalipwa mshahara uleule. Gharama iliyo sawa pande zote haisaidii kuchagua, na kuiingiza kunajaza karatasi bure. Ukitaka kujua kama biashara ya kusaga inalipa, hapo utaihitaji. Hilo ni swali lingine.

Sasa tupate kipimo cha kazi. Watu wengi huanza na saa au siku, lakini kinu kinauza kilo. Kikundi kimehesabu magunia yanayokwenda kusagwa kijiji jirani na kukadiria kwamba watapata tani 100 kwa mwaka, yaani kama kilo 330 kwa siku katika siku 300 za kazi. Kila kitu kitahesabiwa juu ya tani hizo 100.

Namba ya kwanza ya kusaka ni lita za dizeli kwa tani moja ya mahindi. Usiikubali ya mdomoni. Nenda kwenye kinu kinachofanya kazi, jaza tangi la injini hadi alama, saga magunia 10 yaliyopimwa kwenye mizani, kisha rudishia dizeli kwa kikombe cha kupimia mpaka alama ileile. Kilichorudishwa ndicho kilichotumika. Kwa mota ni rahisi zaidi: soma mita ya Luku kabla na baada. Jambo moja tu lisisahauliwe: chekeche liwe la matundu sawa pande zote mbili, na nyundo ziwe na makali yanayolingana. Chekeche la matundu madogo hurudisha mahindi ndani yapigwe tena na tena, na nyundo zilizokuwa duara kwenye pembe zinasugua mahali pa kupasua. Unga ukitoka wa moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, ujue nishati inaliwa bure, na kipimo chako kitadanganya.

Fizikia inatusaidia kukagua kama kipimo kinaingia akilini. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10 za umeme, lakini injini ndogo ya silinda moja inageuza kama asilimia 28 tu kuwa nguvu ya kuzungusha. Iliyobaki inatoka kama joto kwenye ekzosi na kwenye maji ya kupozea. Mota ya ukubwa huu inageuza karibu asilimia 88 ya umeme unaoingia. Kusaga tani moja kwa unga laini kwa kinu kama hiki kunataka nguvu ya kama uniti 40 kwenye puli. Kwa mota, hiyo ni uniti 46 hivi kwenye mita. Kwa injini ni lita 14, iwapo haiachwi ikinguruma muda mrefu bila mahindi. Kumbuka kwamba mota huzimwa kwa kitufe mteja anapohesabu chenji. Injini ya kuwasha kwa mkono haizimwi hovyo, maana hakuna anayetaka kuzungusha ule mkono mara kumi kwa asubuhi.

Dizeli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ikishafika kijijini, pamoja na nauli ya dumu kwenye bodaboda. Umeme tuuweke shilingi 360 kwa uniti, kodi zikiwa ndani. Tani 100 zitakula dizeli ya shilingi milioni 4.2 kwa mwaka, au umeme wa shilingi milioni 1.656. Tofauti ya milioni mbili na nusu kila mwaka, na hatujafungua boneti.

Turudi kwenye kununua. Injini ni shilingi milioni 2.8, na laki nne za kitako cha zege, pipa la maji na kufunga: jumla milioni 3.2. Mota ni milioni 2.2. Staata, waya na vifaa vya kuilinda ni milioni 1. Kisha yanakuja makadirio ya kuvuta umeme wa njia tatu mpaka bandani: milioni 8.5. Jumla milioni 11.7. Hapo ndipo mikutano mingi huvunjika.

"Mama mwenyekiti, shikamoo," anasema fundi wa injini, kijana aliyekwisha kufunga mashine nyingi katika kata hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Tupe ushauri."

"Hapo hakuna la kufikiria sana. Milioni tatu na milioni kumi na mbili, mama yangu, si kitu kimoja."

"Na mafuta yake?"

"Mafuta mtanunua kidogo kidogo. Hamtayasikia."

Hajadanganya. Yanayolipwa kidogo kidogo kweli hayasikiki, na ndiyo sababu yanahitaji karatasi.

Matunzo ya injini ya aina hii yanafuata saa za kazi. Kinu kikisaga kilo 300 kwa saa, tani 100 ni saa 333, na muda wa kunguruma bila mzigo unazifikisha kama 400. Oili ibadilishwe kila saa 100, kwa hiyo mara nne kwa mwaka. Pamoja na filta, mipira ya maji na vikorokoro vingine, tuweke laki tatu kwa mwaka. Mwenye injini asiyebadilisha oili anaona ameokoa laki moja na nusu. Ukichomoa kijiti cha oili cha injini yake ukasugua tone kati ya vidole, utahisi chenga kama za mchanga mwembamba. Ni masizi na vumbi la chuma, na slivu inasuguliwa kwa hizo chenga. Dalili zinazofuata ni moshi wa bluu, kisha injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi kwa sababu mgandamizo unavuja kwenye ringi.

Hata ikitunzwa, mwaka wa nne itahitaji ovaholi: pistoni, ringi, slivu, beringi za konrodi, nozo na kazi ya fundi, tuseme laki tisa. Mwaka wa saba, nachukulia inauzwa kama chuma chakavu kwa laki mbili na nusu na kununuliwa nyingine kwa milioni 2.8. Mwaka wa kumi hesabu inafungwa, na hiyo ya pili, ikiwa na miaka mitatu, inauzwa kwa milioni 1.2. Ziko injini za mwendo wa polepole zinazodumu zaidi, hasa zile za muundo wa Lister ambazo viwanda vya Rajkot, India, vimezinakili kwa miaka mingi. Bei yake ni kubwa zaidi na dizeli ni ileile. Ukitaka kuziweka, badilisha mistari miwili ya hesabu; uti wa mgongo wake hautabadilika.

Mota inaomba kidogo: grisi, beringi, na kusafisha vumbi la unga linaloziba mapezi ya kupozea. Laki moja kwa mwaka inatosha. Adui yake ni fezi moja kukosekana. Waya mmoja ukikatika kwenye nguzo au fyuzi moja ikiungua, mota inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, inanguruma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida, na ndani ya dakika chache koili zinanuka vanishi iliyoungua. Kifaa cha kukata umeme fezi ikikosekana ni sehemu ya ile milioni 1 ya vifaa, na si mahali pa kubana matumizi. Hata kikiwepo, niweke kusuka mota upya mara moja, mwaka wa tano, kwa laki nane. Fundi akichoma koili za zamani kwa moto mkali kupita kiasi anaharibu bati za ndani, na mota inarudi ikila umeme zaidi kidogo. Watu hubishana sana juu ya hili. Ukiweka asilimia 2 ya hasara, ni kama shilingi elfu 33 kwa mwaka. Ni kweli, ni upungufu, lakini hauchagui mashine.

Kitu cha nne, kuondoa, kina tabia mbili tofauti hapa. Injini inauzika: hata ikifa, chuma chake kina uzito. Mota inauzika kwa shaba iliyomo, tuseme laki tano ikiwa bado inazunguka. Lakini ile milioni 8.5 ya kuvuta umeme haiuziki hata senti. Nguzo na waya ni mali ya shirika la umeme, na kikundi kikihama banda haviwezi kupakiwa kwenye kirikuu. Kwa hiyo thamani yake mwishoni ni sifuri, na atakayeiandikia bei yoyote anajifurahisha. Oili chafu nayo ni ya kuondoa. Kijijini hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, jambo linaloonekana kama haligharimu chochote mpaka lifanyike jirani na kisima.

Limebaki la kusimama. Umeme hukatika. Injini huharibika. Ni siku ngapi, kila eneo lina yake, na njia nzuri ni kumwuliza mwenye mashine ya kuchomelea aliye kwenye laini hiyohiyo, kwa sababu naye anapoteza wateja. Siku ya kukatika si lazima iwe ya hasara. Mteja anayeacha debe lake na kurudi jioni hajapotea. Anayepotea ni yule anayebeba debe kichwani kwenda kinu kingine. Tuchukulie mota inapoteza asilimia 5 ya mahindi ya mwaka kwa njia hiyo, na injini asilimia 2.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Kusaga ni shilingi 100 kwa kilo. Mwenye dizeli anatumia shilingi 42 za mafuta kwa kila kilo, hivyo kilo iliyokwenda kwa jirani inamkosesha 58. Mwenye umeme anatumia 16 na ushee, kwa hiyo kilo hiyohiyo inamkosesha zaidi ya 83. Mashine yenye uendeshaji wa bei rahisi ndiyo inayoumia zaidi ikisimama. Kwa mwaka, hasara ya mota ni shilingi 417,000, na ya injini 116,000.

Sasa tuna namba, lakini hazijumlishiki bado. Tukizijumlisha kama zilivyo kwa miaka kumi, dizeli inatoka milioni 51.6 na umeme milioni 33.7. Tofauti ni milioni 18, na mtu anaweza kukimbilia benki akishangilia. Kosa lake ni kwamba shilingi ya mwaka wa tisa imehesabiwa sawa na shilingi ya leo. Kikundi kikiwa na milioni moja leo kinaweza kuikopesha wanachama na kupata faida, au kulipia deni linalozaa riba. Milioni itakayotoka miaka tisa ijayo ina mzigo mwepesi zaidi, na ni lazima ishushwe kabla ya kulinganishwa na ya leo.

Ishushwe kwa kiasi gani? Kwa gharama halisi ya fedha kwa yule anayenunua. Tuseme kikundi kinakopa benki kwa asilimia 16, na mfumuko wa bei ni 4. Tofauti ni 12, na hiyo ndiyo nitakayotumia. Nimetoa mfumuko kwa sababu bei zote nilizoandika ni za leo: sikuipandisha dizeli mwaka hadi mwaka. Anayeipandisha dizeli kila mwaka atumie asilimia 16 kamili. Anayepandisha bei kisha akatumia 12, ameuhesabu mfumuko mara mbili, na kila mashine yenye mafuta mengi itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Ni kosa linalopatikana hata kwenye ripoti zilizopigwa muhuri.

Kwa asilimia 12, shilingi ya mwaka ujao inagawanywa kwa 1.12, ya mwaka unaofuata inagawanywa tena kwa 1.12, na kuendelea hivyo. Shilingi ya mwaka wa nne inabaki senti 64, ya mwaka wa saba senti 45, ya mwaka wa kumi senti 32. Gharama inayojirudia sawasawa kila mwaka kwa miaka kumi haihitaji mistari kumi: izidishe kwa 5.65, ambayo ni jumla ya vizidishi vyote kumi. Kwa hiyo dizeli ya milioni 4.2 kwa mwaka ina thamani ya leo ya milioni 23.73, si 42.

Haya ndiyo yanayopatikana, kwa milioni za shilingi za leo:

| | Dizeli | Umeme |
|---|---|---|
| Kununua na kufunga | 3.20 | 11.70 |
| Mafuta au umeme | 23.73 | 9.36 |
| Matunzo ya kila mwaka | 1.70 | 0.57 |
| Ovaholi, kusuka mota, injini ya pili | 1.84 | 0.45 |
| Hasara ya kusimama | 0.66 | 2.36 |
| Toa: mauzo ya chakavu na mashine | 0.50 | 0.16 |
| Jumla | 30.63 | 24.28 |

Umeme unashinda kwa milioni 6.35. Tazama safu ya dizeli: bei ya dukani, ile iliyobishaniwa Gerezani, ni sehemu moja tu ya kumi ya jumla. Mnunuzi aliyepunguziwa laki mbili amefanya vizuri, lakini kipimo cha lita kwa tani kinatawala mstari wa milioni 23 na hakuna aliyekiuliza. Kwenye safu ya umeme mambo ni kinyume. Karibu nusu ya gharama zote inalipwa kabla ya gunia la kwanza kusagwa. Mashine hizi mbili zina hatari za aina mbili: moja inamtesa mwenye nayo mafuta yakipanda, nyingine inamtesa mahindi yasipokuja.

Kwa hiyo tusimame kwenye mahindi. Kila tani ya mwaka inayopungua inaupunguzia umeme ushindi wake kwa kama shilingi 127,000 za leo. Gawanya milioni 6.35 kwa hizo, unapata tani 50: kikundi kikisaga 50 badala ya 100, njia mbili zinalingana. Kwa kweli zinalingana mapema zaidi, kwa sababu injini isiyofanya kazi sana inadumu, haihitaji mwenzake mwaka wa saba, na oili inabadilishwa mara mbili tu. Ukirekebisha hayo, mpaka uko karibu tani 60, yaani kilo 200 kwa siku. Chini ya hapo, fundi wa injini alikuwa sahihi, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Kikundi kinachokadiria tani 100 kwa matumaini kihesabu upya magunia, na kihesabu mwezi wa Februari kama kilivyohesabu mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamejaa.

Namba ya pili inayoweza kugeuza jibu ni riba. Fikiria kikundi hakina benki, kinakopa mtaani kwa asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni 36 kwa mwaka, na hata ukitoa mfumuko inabaki zaidi ya 30; tuweke 30. Kizidishi cha miaka kumi kinashuka kutoka 5.65 hadi 3.09. Dizeli inakuwa milioni 18.1 na umeme milioni 18.6. Mashine zilezile, mahindi yaleyale, na mshindi amebadilika kwa sababu tu ya mkopeshaji. Mara nyingi nimesikia wanakijiji wakilaumiwa kwamba wanapenda vya bei rahisi na hawaoni mbali. Kwa anayelipa riba ya mtaani, kununua injini ya bei ndogo na kuilisha dizeli kidogo kidogo ni hesabu sahihi kabisa. Kinachopaswa kubadilishwa hapo ni mkopo.

Kukatika kwa umeme, ambako ndiko watu huogopa zaidi, kunahitaji kuwe kwingi kweli kabla ya kugeuza jibu. Ili milioni 6.35 ziishe, mota ingelazimika kupoteza karibu asilimia 18 ya mahindi ya mwaka badala ya 5, sawa na mteja mmoja kati ya kila watano au sita kwenda kinu kingine moja kwa moja. Kuna maeneo yanayofikia huko. Pale ambapo mwenye kuchomelea anasema hupoteza siku moja kwa wiki, hesabu iko karibu na mstari, na bado nusu ya wateja wake huenda husubiri.

Makadirio ya kuvuta umeme nayo yana dari yake. Umeme ungeendelea kushinda mpaka yafike karibu milioni 14.8. Yakizidi hapo, afadhali dizeli. Hii ni namba nzuri ya kwenda nayo ofisini, kwa sababu makadirio ya kwanza na ya mwisho hayalingani kila mara, na kikundi kinapaswa kujua mapema ni bei gani kitaikataa.

Swali gumu zaidi linakuja mjumbe anaposema amesikia mradi wa umeme vijijini wa REA utapita kwao. Iwapo laini itafika mlangoni na gharama ya kuunganisha ishuke kutoka milioni 8.5 hadi, tuseme, milioni 1, kulipa sasa kunakuwa kama kununua mwavuli siku ya mwisho ya masika. Hapo kuna njia ya tatu: nunua injini leo, saga kwa dizeli mpaka laini ifike, iuze, kisha funga mota. Kungoja kunagharimu. Kila mwaka wa dizeli unazidi ule wa umeme kwa shilingi milioni 2.44, na injini inayonunuliwa kwa milioni 3.2 haitauzwa kwa bei hiyo. Nimeijaribu kwa vizidishi vilevile, nikichukulia injini inauzwa milioni 1.6 baada ya miaka miwili, 1.3 baada ya mitatu na 1 baada ya minne. Laini ikifika baada ya miaka miwili, kungoja kunaokoa kama milioni 2.3. Ikifika baada ya mitatu, kunaokoa kama nusu milioni, ambayo ni ndogo kuliko makosa ya makadirio yetu yenyewe. Ikifika baada ya minne, kikundi kimepoteza karibu milioni moja, na ovaholi bado haijahesabiwa.

Mpaka uko basi miaka mitatu na kidogo. Ahadi ya kwenye mkutano wa hadhara haiwezi kutumika kama tarehe. Kinachoweza kutumika ni ramani ya upimaji katika ofisi ya kijiji, vigingi vilivyokwisha kupigwa kando ya njia, nguzo zilizoshushwa, na jina la mkandarasi aliyekabidhiwa eneo. Vigingi na nguzo vikiwepo, kikundi kinunue injini iliyotumika, ya bei ndogo kabisa inayoweza kufika miaka miwili. Kusipokuwa na kitu ila maneno, kipeleke makadirio ya milioni 8.5 benki.